Mnatudai Ada, Basi Mtuambie Siku Bima Inapokatika

Sisi wa Lubumbashi, wenye taksi za komini za Katuba na Kenya, wenye kombi za njia ya Kasapa, walimu na wauguzi wenye gari moja iliyonunuliwa kwa akiba ya miaka, tumeipokea ile barua pepe ya kampuni ya bima. Hatuitaji kampuni kwa jina, maana wenzetu waliojiandikisha kwingine wametuonyesha barua zao, na zinafanana na yetu kama zilitoka kwenye mkono mmoja. Inasema ada yetu imepita tarehe. Inasema tunaweza kuilipa kwa mafungu. Kisha, mstari wa mwisho kabla ya salamu, inasema tusipolipa ndani ya siku 30 ulinzi utasimamishwa, na baadaye mkataba unaweza kuvunjwa bila taarifa nyingine.

Deni hatulikatai. Aliyenunua bima ya mwaka mzima na kulipa nusu anadaiwa nusu, na kampuni ina haki ya kumkumbusha. Tunajua pia kwamba kampuni ya bima haiwezi kulipa ajali za watu kwa ahadi. Nchi za ukanda wetu zilizo chini ya sheria ya pamoja ya CIMA, kama Kamerun, Gabon na Kongo ya Brazavili, ziliwahi kujaa madeni ya ada kiasi kwamba mwaka 2011 zilibadilisha sheria yao: bima haianzi kufanya kazi mpaka ada iwe imelipwa. Kongo yetu haimo katika CIMA, lakini shida ni ileile. Kwa hiyo hatunung'uniki kwa sababu tunadaiwa. Tunanung'unika kwa sababu barua hii inatutisha bila kutuambia mambo mawili tu tunayohitaji kuyajua: kuanzia siku gani gari langu halina bima, na nikilipa fungu la kwanza bima inarudi au hairudi.

Tuanze na njia iliyopitia barua yenyewe. Wengi wetu hatukununua bima ofisini mjini. Tulinunua kwa wakala, kwenye meza yake yenye mwavuli, au alitufuata kwenye paking. Anajaza fomu kwenye simu yake, na fomu ina sehemu ya barua pepe ambayo haikubali kuachwa wazi. Mteja hana, basi wakala anaandika yake mwenyewe, au ya mtoto wa mteja aliyeko chuoni, ili fomu ipite. Mwaka unaofuata onyo linakwenda huko. Mama mmoja wa Kamalondo mwenye taksi mbili alifika kaunta kuuliza habari ya gari lake lililogongwa, na yakapita maneno haya mbele yetu:

«Mama, tulikutumia imeli tangu mwezi uliopita.»

«Mwanangu, ile imeli ni ya nani? Miye sina imeli. Namba yangu ya simu muko nayo, muliniletea kodi kwa ile namba siku ya kulipa.»

«Ni kweli mama, lakini sistemu inatuma mu imeli.»

Yule kijana hakuwa na ubaya, na alimjibu kwa heshima. Lakini jibu lake linaonyesha yote. Namba ya simu ipo, inafanya kazi, ilitumika kupokea feza, na haitumiki kumwonya mwenye feza. Siku 30 zinahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua, hata kama barua imelala kwenye kisanduku cha mtu mwingine. Na imeandikwa kwa Kifaransa cha mahakamani, chenye sentensi ambazo hata mwalimu wa sekondari alizisoma mara mbili. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Kiswahili ndicho alichotumia wakala kutuuzia. Kwa nini onyo lenye madhara makubwa kuliko mauzo yenyewe lije kwa lugha nyingine?

Kwa wasioujua mpangilio huu wa siku, tueleze. Huko Ufaransa umeandikwa katika kifungu L113-3 cha sheria yao ya bima, na karatasi nyingi za masharti zinazogawiwa huku zimefuata mtindo huohuo. Ada ikipita tarehe, mteja anapewa siku kumi. Baada ya hapo kampuni inaweza kumpelekea onyo rasmi. Tangu siku ya onyo zinahesabiwa siku 30, na zikiisha ulinzi unasimama: mkataba bado upo, lakini ajali hailipwi. Siku kumi zaidi zikipita, kampuni ina ruhusa ya kuuvunja mkataba wenyewe. Akilipa kabla haujavunjwa, ulinzi unarudi saa sita mchana ya siku inayofuata malipo. Na huko Ufaransa onyo hilo hupelekwa kwa barua ya rejista ya posta, ili ijulikane limetumwa lini na kwa anwani ipi. Huku kwetu tumechukua siku za kuhesabu, tukaiacha rejista.

Sasa tuchukue hesabu ya mtu mmoja, kwa namba rahisi, tuone inavyokwenda. Tuseme ni mwenye taksi wa Katuba, ada yake ya mwaka ni dola 240, na tarehe yake ilikuwa 1 Machi. Hakulipa, gari lilikuwa gereji kwa ajili ya gia. Barua pepe imeandikwa 20 Machi. Siku 30 zinamfikisha 19 Aprili, na tangu usiku huo gari lake linatembea bila ulinzi. Tarehe 29 Aprili kampuni inaweza kuvunja mkataba. Yeye anaiona barua 24 Aprili, baada ya mtoto wake kufungua kisanduku, na kesho yake anakimbilia kaunta. Anapewa mpango: dola 96 leo, kisha dola 48 kila tarehe 15 ya Mei, Juni na Julai, na dola 15 za gharama ya kugawa malipo. Analipa 96 na zile 15, anapewa risiti, anarudi barabarani akiamini mambo yameisha.

Hayajaisha. Onyo lilikuwa la dola 240 zote. Kwa mpangilio tulioueleza, ulinzi unarudi pale kilichodaiwa katika onyo kinapolipwa chote, pamoja na gharama. Yeye amelipa 96. Mpango wa mafungu umezuia mkataba usivunjwe, hilo ni jema, lakini kama hakuna maandishi yanayosema kwamba fungu la kwanza linarudisha ulinzi, basi ulinzi umesimama mpaka fungu la mwisho la 15 Julai, na utarudi 16 Julai saa sita mchana. Tangu 20 Aprili mpaka 15 Julai ni siku 87. Kwa siku hizo zote analeta feza kaunta, anapewa risiti, na akimgonga mtu kampuni itamjibu kwamba imepokea feza zake kama malipo ya deni.

Zaidi ya hapo, siku 87 hizo hazitolewi katika ada. Dola 240 kwa mwaka ni karibu senti 66 kwa siku, kwa hiyo amelipa kama dola 57 kwa kipindi ambacho hakuna aliyekuwa amelindwa, yeye wala mtembea kwa miguu. Sheria zilizozaa mpangilio huu ndivyo zinavyotaka: kusimama kwa ulinzi ni adhabu ya kuchelewa, na ada inadaiwa palepale. Tunaielewa hoja. Lakini adhabu anayopewa mtu lazima aambiwe kwamba ni adhabu. Barua yetu inaita yote haya «huduma ya kurahisisha malipo».

Na zile dola 15? Zinaonekana ndogo mbele ya 240. Lakini aliyelipa 96 papo hapo amekopeshwa 144 tu, na 15 juu ya 144 inazidi kumi kwa mia, kwa mkopo unaokwisha chini ya miezi mitatu. Wamama wa soko la Kenya wanaoweka likelemba wakipiga hesabu hiyo hawaikubali. Afadhali mtu aombe zamu yake mapema kwenye likelemba, alipe ada nzima, arudishe kwa wenzake bila nyongeza. Baadhi yetu tumefanya hivyo, na tunawashauri wengine.

Jambo linalotuuma zaidi liko kwenye kioo cha mbele. Mteja wa bima ya mwaka aliyepewa karatasi ya mwaka mzima, huku ada ameahidi kuimaliza baadaye, anabaki na karatasi inayosema ulinzi unakwenda mpaka Februari. Karatasi haijui habari ya onyo. Polisi wa rulaji kwenye karfuri anaisoma, anaona tarehe bado, anakuruhusu upite. Dereva aliyekodi gari kwa malipo ya siku anaiona, anaamini. Abiria anaiona. Wote wanasoma karatasi sahihi ya mkataba ambao ulinzi wake umezimwa kwenye kompyuta ya ofisi. Ndiyo maana watu hapa wanajifunza mapema kwamba bima ni karatasi ya kumwonyesha polisi, na wakishajifunza hivyo, ada inakuwa kitu cha mwisho kulipwa baada ya mafuta, matairi na gereji.

Tabia hiyo haikuanza jana. Bima ya gari kwa madhara unayomfanyia mtu mwingine ni lazima katika nchi hii tangu sheria ya 5 Januari 1973, na kwa miongo mingi ilikuwa na muuzaji mmoja tu, kampuni ya serikali SONAS iliyoanzishwa 1966. Sheria mpya ya bima ya 17 Machi 2015 ndiyo iliyofungua soko, ikafuata mamlaka ya usimamizi, ARCA, na mwaka 2019 kampuni binafsi za kwanza zikapata vibali. Tulifurahi. Tulisema sasa atakayetutendea vibaya tutamwacha tuende kwa mwenzake. Kufunguliwa kwa soko kumeleta ofisi zenye vioo na vijana wanaojibu kwa adabu, na hilo tunalishukuru. Barua za onyo, hata hivyo, zimebaki zikiandikwa kana kwamba msomaji hana pa kwenda.

Anayelipia haya mwishoni mara nyingi si mwenye gari. Ni mwanafunzi aliyegongwa akivuka barabara ya Ruashi, au dereva wa moto aliyevunjika mguu. Ufaransa, kampuni ikikataa kwa sababu ulinzi ulikuwa umesimamishwa, kuna mfuko wa dhamana ulioanzishwa 1951 unaomlipa aliyeumia kisha unamfuata mwenye gari. Huku tumeona familia ya aliyeumia ikitazamana na familia ya dereva, feza za hospitali zikichangwa kanisani, na gari likiuzwa kwa bei ya kutupa. Kampuni ikikaa kimya kuhusu siku ulinzi ulipokatika, inamwumiza pia mtu ambaye hakuwahi kuweka sahihi popote.

Kuna wenzetu wengine wanaopata barua hii hali wamelipa. Hili limetokea mara nyingi mno kuitwa bahati mbaya, na sababu zake tunazijua. Ya kwanza ni feza kukaa kwa mtu wa kati. Mteja anamlipa wakala au dalali, dalali anakusanya za wateja wengi na kuzipeleka kampuni mwisho wa mwezi, au baada ya miezi miwili. Kwenye kompyuta mteja bado ni mdaiwa, na sistemu inamtumia onyo kama wengine. Ya pili ni namba ya mkataba kukosewa wakati wa kulipa kwa M-Pesa au Airtel Money. Feza imetoka kwenye simu, imeingia akaunti ya kampuni, lakini kampuni haijui ni ya nani. Inakaa kwenye orodha ya malipo yasiyo na mwenyewe, huku siku 30 zinaendelea kuhesabiwa.

Karatasi ya wakala yenye mhuri na sahihi yake haitoshi kukutoa kwenye hali hiyo. Kinachotakiwa ni kitansi cha kampuni yenyewe, chenye namba ya mkataba, kipindi kinacholipiwa, yaani tangu tarehe fulani mpaka tarehe fulani, na kiasi. Kama kitansi hakina kipindi, kirudishe pale pale. Kiasi peke yake kinathibitisha kwamba umetoa feza. Kipindi ndicho kinachothibitisha kwamba umelindwa. Na ukilipa kwa simu, hifadhi ule ujumbe wa malipo, upige picha pamoja na karatasi ya mkataba namba zionekane, kisha upeleke kaunta uandikiwe kwamba malipo yameunganishwa na mkataba wako. Ni kazi ya nusu siku, na kwa mwenye taksi nusu siku ni hela, lakini tumeona waliokwepa kazi hiyo walivyohangaika baada ya ajali.

Kaunta nako kuna malalamiko yake, na hatutayaacha. Ada imeandikwa kwa dola. Sisi tunalipwa kwa franka na abiria wa franka. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa kama franka 930. Mwaka 2024 ilifika kama 2,800. Fungu la dola 48 lililokubaliwa Aprili halina bei moja ya franka; kila tarehe 15 ni bei ya siku hiyo, na bei ya kaunta si ile ya wabadilishaji waliokaa na vifurushi vyao kando ya barabara. Mtu akija na dola zenyewe, noti ikiwa na mpasuko mdogo wa upande, mpasuko wa ukubwa wa ukucha, inakataliwa. Tumemwona baba mtu mzima akirudishiwa noti ya 20 siku ya mwisho ya fungu lake, saa tisa alasiri, akatoka mbio kutafuta nyingine barabarani, na kaunta ilikuwa imefungwa aliporudi. Siku ya mwisho ikapita hivyo, feza ikiwa mfukoni. Mpango wa mafungu uliomwokoa na deni ulikuwa na sharti kwamba akikosa fungu moja, mabaki yote yanadaiwa kwa mara moja.

Wenye malori wana lao. Gari linalotoka Kasumbalesa kuelekea Zambia, na mpaka bandari ya Dar es Salaam, linabeba kadi ya njano ya COMESA. Kadi hiyo inasimama juu ya mkataba wa nyumbani. Ulinzi wa nyumbani ukizimwa Lubumbashi wakati lori liko njiani Tunduma, dereva anaendelea kuonyesha kadi ambayo chini yake hakuna kitu, na hajui. Anayepokea barua pepe ni ofisi. Anayekaa korokoroni baada ya ajali ni dereva.

Tumeulizana kama kuna njia nyingine, na ipo, wala haihitaji kwenda mbali. Nairobi, wenye matatu na taksi wamezoea kununua bima ya mwezi mmoja mmoja. Nchi ya Kenya haikubali bima kuanza kabla ya ada kulipwa, kwa hiyo badala ya kumkopesha mtu mwaka mzima kisha kumtisha, wanamuuzia mwezi alioulipia. Cheti chake kina tarehe ya mwezi huo. Ukiisha, umeisha, na kila mtu anaiona tarehe: dereva, abiria, polisi. Hakuna deni wala siku zinazohesabiwa gizani. Tanzania, mamlaka ya bima, TIRA, ina mtandao wa TIRA MIS ambapo mtu yeyote mwenye simu anaingiza namba ya gari na kuona kama bima yake iko hai. Mwanafunzi aliyegongwa Dar es Salaam anaweza kujua siku hiyohiyo.

Kwa mwenye taksi anayepokea malipo yake kila jioni, mwezi mmoja unaolingana na mapato yake una faida kuliko mwaka mmoja wa kukopeshwa. Dola 240 kwa mwaka ni 20 kwa mwezi. Hata kampuni ikiongeza kitu kidogo kwa kazi ya kutoa cheti mara 12, tutalipa. Tunaona ni haki kulipia karatasi ya kweli. Hatuoni haki kulipia dola 15 ili tupewe ratiba ya deni.

Kampuni zitajibu kwamba wateja wa mwezi mmoja wanapotea: wanalipa mwezi ule wanaoogopa polisi, miezi mingine wanakaa bila. Ni kweli, wapo. Lakini hao hata sasa wapo, wakiwa na karatasi ya mwaka kwenye kioo. Tofauti ni kwamba leo hakuna anayewatambua, wala wao wenyewe hawajitambui.

Na kwa wenzetu ambao barua hii iko mbele yao leo, tumekubaliana hivi. Usianze na kaunta ya malipo. Anza kwa kuangalia tarehe ya juu ya barua, hesabu siku 30, uandike tarehe hiyo ukutani. Kuanzia hapo gari lisitoke kama hujalipa, hata kama karatasi ya kioo inasema Februari. Mwambie dereva wako, maana ni yeye atakayekuwa usukani. Kisha nenda ofisini, ukawaombe waandike kwa mkono au kwa mashine, na waweke mhuri: baada ya kulipa fungu la kwanza, ulinzi unarudi tarehe gani na saa ngapi. Wakiandika unarudi, lipa, ukasubiri ifike hiyo saa ndipo utoe gari. Aliyelipa Jumamosi asubuhi akatoka Jumamosi jioni anaweza kuwa bado hana bima. Wakikataa kuandika, usichukue mafungu. Uliza kama wanaweza kuuvunja mkataba wa zamani na kukufungulia mpya wa miezi mitatu kwa feza uliyo nayo, wenye cheti cha miezi mitatu. Wengine wamekubaliwa hivyo, ingawa deni la siku za nyuma lilibaki.

Kwa kampuni za bima za mji huu tunasema hivi, kwa heshima na kwa uzito. Tumeni onyo kwenye namba ya simu mliyoitumia kuchukua feza zetu. Liandikeni kwa Kiswahili. Wekeni tarehe ambayo ulinzi unazimwa, kiasi cha kuuwasha, na saa unapowaka. Mkitoa mpango wa mafungu, fungu la kwanza lirudishe ulinzi, na cheti kitolewe cha kipindi kilicholipiwa. Na ARCA, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda aliyenunua bima, izitake kampuni zote zionyeshe barua zao za onyo kabla ya kuzituma, kama zinavyoonyesha masharti ya mikataba. Tutaendelea kulipa tunachodaiwa. Tunataka tu kujua siku ambayo magari yetu hayana bima, kabla hayajamgonga mtu.